Nyumba sita, kisima kimoja, na kila mtu ana hesabu yake

SWALI

Shikamoo mjomba. Tuko nyumba sita jirani, tumechoka kununua maji kwa madumu, tukaamua tuchange tuchimbe kisima kirefu cha mashine. Kotesheni imekuja, pesa yenyewe sitaji ila nimeigeuza bili yote iwe 600 ili ugawe kirahisi: kupima ardhi na kibali 20, kuchimba mita 80 na kesingi, yaani bomba la kuzuia kuta za shimo zisibomoke, mpaka kupima uwezo wa kisima 300, pampu na sola na nyaya na bomba la kupandishia maji 160, tanki na mnara wake 80, bomba kuu la kupita nyumba zote 40. Mi nikasema basi mia mia yaishe, weee, grupu likawaka moto.

Kuna bibi anaishi na mjukuu wake tu, anasema yeye ndoo sita kwa siku zinamtosha kwa nini alipe sawa na mwenye vyumba vya kupanga ambaye ukihesabu na wapangaji wake wako watu 20. Huyo mwenye vyumba naye anasema tukigawa kwa vichwa tunamuonea, mbona jirani mwenye ng'ombe watano na bustani hatumsemi, yeye wako watu watano tu. Mwenye kiwanja patakapochimbwa, watu sita kwake, anasema ametoa ardhi so asidaiwe kitu. Nyumba ya mwisho, watu saba, baba wa pale anasema tuchimbe kwanza, maji yakitoka atajiunga. Sisi tuko watano. Mashine inakuja wiki tatu zijazo na mimi ndo nimeshikishwa daftari. Nigawe vipi mjomba?

JIBU

Marahaba mwanangu. Kwanza usiitishe hata shilingi moja mpaka umalize kusoma hapa, manake naona mmeanza kubishania nani alipe ngapi kabla hamjaangalia mnalipia nini, na hapo ndipo grupu nyingi za visima zinapofia. Mimi nimeshika daftari kama hilo lako miaka kadhaa, na pia nimekaa pembeni ya mashine za kuchimba zaidi ya mara moja, kwa hiyo nakwambia nilichokiona.

Ile 600 yako sio kitu kimoja. Ndani yake kuna shimo, na kuna mitambo. Shimo ni lile tundu la ardhini, upimaji, kibali, kuchimba, kesingi, kokoto za kuchuja, kusafisha kwa hewa ya kompresa na kupima uwezo. Mitambo ni pampu, sola, tanki na bomba la kusambaza. Hivi viwili vinaongezeka bei kwa sababu tofauti kabisa, ndo maana ukivigawa kwa kanuni moja lazima kuna mtu ataumia, iwe mia mia au kwa vichwa.

Shimo linafuata mwamba. Kama maji yako mita 75, basi yako mita 75 hata mngekuwa nyumba moja au nyumba kumi, mashine itashuka hukohuko na bili itakuja ileile. Na upana wa tundu hauongezeki kwa sababu jirani ana ng'ombe, kwa matumizi ya kiwango chenu tundu linalopitisha pampu ya inchi 4 linatosha. Kwa hiyo bibi akisema yeye anatumia ndoo sita tu, ni kweli, ila ndoo zake sita bila hilo shimo lote hazipandi. Tena akilipa shimo anakuwa ananunua haki, sio maji. Leo yuko na mjukuu mmoja, kesho wanae wakirudi nyumbani na familia zao wako tisa, hakuna atakayemwambia bibi haki yako ilikuwa ya watu wawili. Na siku nyumba ile ikiuzwa inauzwa ikiwa na maji kama zingine. Ndo maana mimi shimo nagawa sawa kwa sawa kwa kila nyumba, na sijawahi kubadili msimamo hapo.

Mitambo inafuata lita. Ukubwa wa pampu, idadi ya paneli, ujazo wa tanki, unene wa bomba kuu, vyote fundi anavipanga kwa kuuliza mnataka lita ngapi kwa siku. Anayetaka lita nyingi ndiye anayesababisha pampu iwe kubwa, basi hapo alipe kwa lita zake.

Kitu kimoja cha kurekebisha kwenye kotesheni yako. Wamekuwekea nyaya na bomba la kupandishia maji pamoja na pampu, lakini hivyo viwili urefu wake unatokana na kina cha kisima, sio lita za mtu. Waombe wavitenganishe. Tuseme katika ile 160 vinachukua 40, basi 40 hiyo ihamie kwenye shimo. Shimo linakuwa 20 jumlisha 300 jumlisha 40, yaani 360. Mitambo inabaki 120 ya pampu na sola, 80 ya tanki, 40 ya bomba kuu, jumla 240.

Sasa lita. Usiulize watu "mnatumia kiasi gani", kila mtu atajipunguza. Hesabu mwenyewe mbele yao kwa kipimo kimoja. Mimi naweka lita 60 kwa mtu kwa siku maji yakiwa yanafika nyumbani kwa bomba, na usiende na zile ndoo mnazobeba sasa hivi, kwa sababu maji yakishafika bombani kila nyumba matumizi yanapanda, hata ya bibi. Ng'ombe nampa lita 60 pia, wa maziwa aliye kwenye kilele anaweza kupita hapo lakini tuanzie hapo. Bustani ya mboga lita 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku ya jua. Nenda na futi kamba kaipime hiyo bustani, usikubali kuambiwa "ni kadogo tu". Mi nimekadiria ni mita za mraba 120.

Kwenu watu watano lita 300. Bibi 120. Mwenye kiwanja 360. Yule anayesubiri 420. Mwenye vyumba watu 20, lita 1,200. Mwenye ng'ombe watu watano 300, ng'ombe watano 300, bustani 600, naye anafika 1,200. Jumla lita 3,600 kwa siku. Angalia hapo, nyumba nne za kwanza zikijumlishwa zote ni 1,200, sawasawa na mwenye vyumba peke yake na sawasawa na mwenye ng'ombe peke yake. Hilo liandike kubwa kwenye karatasi ulibandike ukutani siku ya kikao, manake mwenye vyumba alikuwa na haki kulalamika, kwa vichwa angelipa 267 katika ile 600 na mwenye ng'ombe angelipa 67, wakati wanavuta maji sawa.

Ile 240 ya mitambo ukiigawa kwa lita 3,600, kila lita 15 zinabeba 1. Nyinyi 20, bibi 8, mwenye kiwanja 24, anayesubiri 28, mwenye vyumba 80, mwenye ng'ombe 80. Shimo 360 kwa nyumba sita ni 60 kila mmoja. Ukijumlisha: nyinyi 80, bibi 68, mwenye kiwanja 84, anayesubiri 88, mwenye vyumba 140, mwenye ng'ombe 140. Piga jumla inarudi 600.

Mtu anaweza kukuambia pampu ya nusu ukubwa haiuzwi nusu bei, na ni kweli, hii ya kugawa kwa lita inawabana wakubwa kidogo kuliko inavyostahili. Wakilalamika sana mnaweza kuchukua sehemu ya ile 240, tuseme ufundi wa kufunga, mkaigawa sawa. Ila msiichambue mpaka kila skrubu, itafika mwaka kesho hamjachimba. Bomba la kutoka kwenye bomba kuu kuingia nyumbani kwa mtu, na mita yake ya maji, hilo kila mtu ajilipie mwenyewe, na liko nje ya hii bili. Mwenye nyumba ya mbali asije akasema bomba lake refu ni la wote.

Nije kwa mwenye kiwanja. Ardhi ametoa kweli, ila kusema asilipe chochote ni kumpa kisima. Kifanyieni hivi: kile kipande cha kisima na mnara wa tanki na njia ya kupita fundi kipimeni, mkithamini kama vile mnakinunua kwa bei ya viwanja vya hapo kwenu, halafu thamani hiyo iingie kwenye bili ya shimo kama gharama nyingine yoyote. Tuseme imekuja 24. Shimo linakuwa 384, kila nyumba 64, na yeye anahesabiwa ameshatanguliza 24 kwa hiyo kwenye shimo anatoa 40. Ninyi wengine mmeongezeka 4 tu kila mmoja, yeye amepungukiwa 20, na hakuna aliyeonewa. (Nitaendelea na hesabu ya 60 hapa chini nisikuchanganye, ila wewe utaongeza hiyo 4.)

Lakini hapa kubwa zaidi ni karatasi. Kabla mashine haijaingia kwake asaini hati, na mke wake au mume wake asaini, na warithi wakubwa kama wapo, kwamba kile kipande na njia yake ni cha matumizi ya nyumba sita hata kiwanja kikiuzwa, hata yeye asipokuwepo. Mpelekeeni mwanasheria aangalie namna ya kuiandikisha kwenye ofisi ya ardhi ya kwenu ili imfunge hata mnunuzi, karatasi ya kusainiana tu nyinyi kwa nyinyi inaweza isimfunge mtu wa nje. Nimeona kisima cha nyumba nne ambapo baba mwenye kiwanja alifariki, watoto wakaweka kufuli kwenye kisanduku cha kuwashia pampu, na wale watatu waliochanga hawakuwa na hata mstari mmoja wa maandishi. Wakarudi kwenye madumu wakati bomba lao liko pale wanaliona. Akikataa kusaini, mwanangu, hamisheni sehemu ya kuchimba, hata kama mpimaji alisema pale ndo pazuri zaidi. Muulizeni sehemu yake ya pili.

Sasa huyu anayesema chimbeni kwanza. Simlaumu kwa kuogopa, ila anachosema maana yake ni nyinyi mbebe hatari halafu yeye anunue uhakika kwa bei ileile. Kampuni nyingi za kuchimba zinadai kwa mita zilizochimbwa, maji yatoke yasitoke. Mkichimba mita 80 pakawa pakavu, kuchimba mmeshakulipia, na kupima ardhi kunapunguza hatari hiyo lakini hakuiondoi. Kwa hiyo mpe njia mbili, zote kwa maandishi. Ya kwanza, anaingia sasa kwa 60 ya shimo kama wengine na pakitoka pakavu anapoteza kama wengine. Ya pili, anabaki nje, nyinyi watano mnabeba 72 kila mmoja, na siku akitaka kuingia analipa fungu lake la shimo kwa bei ya kuchimba ya siku hiyo, sio ya leo, na juu yake nyongeza ya hatari mnayokubaliana sasa. Mimi huwa naweka nusu. Kwa bei ikiwa haijapanda ni 60 na 30, yaani 90, na hiyo inarudi kwenu watano 18 kila mmoja. Mitambo analipa kwa lita zake, ila hapo mpunguzieni kwa uchakavu kama pampu ina miaka tayari. Na mwambieni mapema: pampu na tanki vitapangwa bila yeye, akija baadaye na lita 420 zikahitaji kuongezwa paneli au tanki, ni juu yake. Ukimuwekea 60 leo na 90 kesho kwenye karatasi moja, mara nyingi anatoa 60.

Msikusanye 600 kwa mkupuo. Hili ndo nataka ulishike kuliko yote. Changeni mara mbili. Mchango wa kwanza ni wa shimo tu, na nyongeza ya akiba ambayo nitaieleza. Mchango wa pili, wa mitambo, msubiri mpaka kisima kimepimwa uwezo. Kuna watu wananunua pampu na paneli kabla, kwa sababu kuna punguzo la bei au fundi amewaambia "hii inafaa popote", halafu kisima kinatoa lita 500 kwa saa na pampu inavuta 2,000. Maji yanashuka ndani mpaka pampu inabaki inazunguka kwenye hewa, na kama hakuna kifaa cha kuizima maji yakiisha inaungua. Hela ya pampu imeenda na ugomvi umeanza upya.

Kupima uwezo kwenyewe hakikisheni kunafanywa kweli. Kazi kama hiyo mafundi wengine wanawasha pampu kwa saa mbili tu, maji yanaruka, watu wanapiga picha, wanasema kisima kizuri. Hapana. Wanatakiwa waweke pampu ya majaribio waiache ivute kwa kiwango kimoja kwa saa nyingi, kwa kisima cha watu wengi dai saa 24, huku wakipima maji yameshuka mpaka mita ngapi kila baada ya muda, halafu wazime na wapime yanavyorudi. Nenda ukae pale hata saa mbili tatu. Utaona fundi anashusha utepe wa kupimia, ncha yake ikigusa maji kengele inalia au taa inawaka huku juu, anaandika namba. Kama maji yanaendelea kushuka mpaka mwisho bila kutulia, kiwango hicho ni kikubwa kwa kisima chenu. Karibu na mwisho wa jaribio ndo wachukue sampuli ya kupeleka maabara, sio siku ya kuchimba maji yakiwa tope. Waambieni wapime chumvi na floraidi pia, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi miligramu 1.5 kwa lita, na ikizidi ni bora mjue kabla ya kununua tanki.

Tuseme imetoka lita 800 kwa saa kwa usalama. Sola nawahesabia saa 5 nzuri kwa siku, hiyo ni lita 4,000, mahitaji yenu 3,600 yanaingia, endeleeni na mgao kama nilivyoandika. Lakini tuseme imetoka lita 500 kwa saa. Siku nzima ni 2,500. Hapa ndo utaona kwa nini nilisema shimo ligawanywe sawa. Aliyelipa shimo sawa ana haki sawa ya kwanza kwenye maji, 2,500 kwa sita ni kama lita 416 kila nyumba. Nyinyi mnataka 300, bibi 120, mwenye kiwanja 360, wa mwisho 420 atapungukiwa lita nne tu. Hao wanne wametoshelezwa. Zinabaki kama 1,300 wagawane mwenye vyumba na mwenye ng'ombe, 650 kila mmoja, na mchango wao wa mitambo unashuka kwa sababu lita zao zimeshuka. Bustani itabidi isubiri mvua au mwenyewe aweke pipa la kuvuna maji ya mvua. Ila mngekuwa mmegawa shimo kwa lita, mwenye vyumba angekuwa amelipia theluthi ya kisima, na angekuwa na haki ya kudai theluthi ya maji kabla bibi hajajaza ndoo. Bibi muelezee hivyo, kwa utaratibu, na hizo namba. Ile 60 yake ndo inayomlinda siku maji yakiwa kidogo.

Akiba niliyosema ni ya mita za ziada. Kotesheni inasema 80, ardhi inaweza kusema 95. Siku hiyo mashine iko pale, injini inanguruma, mtu wa kampuni anakuuliza "tuendelee au tusimame?" na wewe unapiga simu nyumba tano, wawili hawashiki. Amueni sasa: kina cha mwisho ni kile alichoandika mpimaji kwenye ripoti yake, akiba ya kufika hapo ichangwe sawa kwa sawa na ikae kabla ya siku, kwa mfano 10 kila nyumba, isipotumika inaingia kwenye mitambo. Kupita hapo hakuna kuchimba bila nyumba zote kukubali. Na kama maji ya kutosha mahitaji yote 3,600 yameshapatikana halafu mwenye ng'ombe anataka mshuke zaidi apanue bustani, mita hizo ni zake.

Na mita zihesabiwe. Kwenye kisima kimoja nilichosimamia bili ilikuja mita 96. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya mti pale na chaki, kabla hawajaanza nilipima fito moja la kuchimbia kwa futi kamba, mita 3, kisha kila fito likiungwa nachora mstari kwenye ubao. Mistari ilikuwa 28. Mita 84. Nikamwonyesha msimamizi ubao, akasema mimi sijui kazi, nikamwambia sawa, tufunge jiwe kwenye kamba tushushe. Ikagota kwenye 83 na kitu. Zile mita 12 zikafutwa kwenye bili, na kila nyumba ikarudishiwa fungu lake siku hiyohiyo, nikasainisha. Kesingi nayo hesabu mabomba yanayoingia moja moja, manake inalipiwa kwa mita yake peke yake na sio lazima ifike mwisho wa shimo kama mwamba wa chini ni mgumu. Mpe kazi hiyo mtu asiyechoka kukaa, mjukuu wa bibi kama shule zimefungwa anaweza.

Maji yakianza kutoka kila nyumba iwe na mita, na moja kubwa itoke kwenye tanki. Malipo ya kila mwezi yafuate mita, kwa sababu pampu inachakaa kwa kuvuta, na itabidi ibadilishwe wakati shimo bado zima kabisa. Hesabu ya mita kubwa ikizidi jumla ya mita sita kwa kiasi cha kueleweka, kuna bomba linavuja au kuna mtu ametoboa, tafuteni mwezi huohuo.

Kuhusu bibi, 60 kwa wiki tatu inaweza kumshinda. Muulize yeye mwenyewe pembeni, sio kwenye grupu. Kama haiwezekani, wale wawili wenye lita 1,200 wanaweza kumtangulizia sehemu, na yeye akawalipa kidogo kidogo kila mwezi, iandikwe kuwa ni deni la pesa tu na haligusi haki yake ya maji. Nadhani watakubali, manake bila nyumba yake mafungu yao ya shimo yangepanda kutoka 60 mpaka 72.

Kikao kifanye wiki hii, hati ya kiwanja na karatasi ya yule anayesubiri zisainiwe kabla hujapokea mchango wa kwanza. Na majibu ya kupima uwezo yakitoka niandikie tena, nitajie lita kwa saa, maji yalikuwa mita ngapi kabla ya kuvuta na yakatulia mita ngapi wakati wa kuvuta, tuangalie pampu pamoja kabla hamjanunua.